Semista moja zaidi, barua mbili

Udongo wangu ulikamatwa tarehe 12 Machi 2024. Ulikuwa mifuko 96 niliyoichota mwenyewe kwenye mashamba ya mahindi ya Morogoro, kila mmoja na namba yake, ukiwa njiani kuja Ujerumani ambako nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Umoja wa Ulaya hauruhusu udongo wa Afrika uingie hivi hivi, kwa kuogopa wadudu na magonjwa ya mimea. Unaoingia kwa ajili ya utafiti lazima uwe na barua ya idhini inayotolewa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi unakokwenda, na iwe imepatikana kabla mzigo haujasafirishwa. Mimi nilikuwa na kibali cha nyumbani tu. Mifuko ikakaa kizuizini hadi tarehe 3 Juni.

Hizo ni karibu wiki kumi na mbili. Tena zamu yangu ya mashine ya kupimia kaboni na naitrojeni ilikuwa imeshapita, na zamu nyingine ilipatikana Septemba, mwezi uleule ambao ufadhili wangu ulikuwa unakwisha. Ikabidi nimwandikie mfadhili kuomba semista moja zaidi.

Barua ya kwanza niliiandika kama tulivyofundishwa shuleni. Nilianza kwa salamu, nikamshukuru mfadhili kwa yote aliyonitendea tangu siku ya kwanza, nikaeleza kwa urefu masaibu ya udongo, kisha aya ya mwisho nikaweka ombi kwa unyenyekevu, nikiamini atanifikiria. Nilikuwa nimeitafsiri tu, lakini mwili wake ulikuwa wa nyumbani kabisa. Kwetu ombi haliingii na viatu sebuleni. Hubisha hodi kwanza.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, fupi, lisilo na ukali wowote. Walisema wamesikitika kusikia yaliyonipata, kisha wakauliza mambo matatu: kazi gani imebaki, itakwisha tarehe gani, na je, ninaomba muda peke yake au muda na fedha?

Swali hilo la tatu lilinifungua macho. Nilikuwa nikidhani semista ni kitu kimoja, kumbe ndani yake mna vitu viwili. Kwa chuo, semista ya baridi ni miezi sita, tangu tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, nami nilihitaji kusajiliwa yote ili niendelee kuitwa mwanafunzi. Kwa mfadhili hesabu ni ya miezi ya posho. Nilipokaa na msimamizi wangu tukaipigia hesabu kazi iliyobaki, haikufika miezi sita. Sampuli 96, kila moja mara mbili, ni vipimo 192. Mashine ilipima 24 kwa siku, nami nilipewa siku mbili kwa wiki, kwa hiyo wiki nne, na zote zinaingia Septemba. Oktoba ingekuwa ya kuchambua takwimu, Novemba na Desemba za kuandika, Januari ya kusahihisha. Tasnifu ingekabidhiwa tarehe 31 Januari 2025.

Barua ya pili, niliyoituma tarehe 24 Juni, ilianza na ombi lenyewe. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Naomba kuongezewa semista moja ya masomo, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, pamoja na posho ya miezi minne, hadi tarehe 31 Januari 2025. Posho hiyo ni yuro 992 kwa mwezi, jumla yuro 3,968. Kwa miezi ya Februari na Machi sitaomba fedha. Sababu ya ombi ni kuzuiwa kwa sampuli zangu kwa wiki kumi na mbili, na kukosa zamu nyingine ya maabara hadi Septemba. Sampuli sasa zipo maabara. Nisipoongezewa muda, vipimo vitafanyika lakini tasnifu haitaandikwa."

Kosa la kibali nalo nilitaja kuwa langu, kwa sentensi moja. Niliambatanisha ratiba ya mwezi kwa mwezi, matokeo ya mitihani niliyokwisha fanya, na nakala ya karatasi ya kuachiliwa kwa mzigo. Msimamizi aliandika barua yake na kuituma mwenyewe moja kwa moja kwa mfadhili. Sikuiona, na hadi leo sijui alisema nini.

Jambo jingine ambalo wenzangu wengi wanachelewa kulijua ni kwamba barua hii ina mnyororo nyuma yake. Idara ya uhamiaji huku haiongezi kibali cha ukaazi bila kuona utaishi kwa fedha gani. Kwa mwanafunzi kipimo cha kawaida kuanzia Septemba 2024 kilikuwa hizohizo yuro 992 kwa mwezi, kwa hiyo ile miezi miwili nisiyoiombea posho nililazimika kuonyesha akiba yangu benki. Jibu la mfadhili ndilo unalobeba kwenda uhamiaji. Jema ni kwamba ukiomba kabla kibali hakijaisha, cha zamani huhesabiwa bado ni halali hadi waamue, na unapewa hati ya muda. Ukichelewa hata siku chache, kinga hiyo huna uhakika nayo tena. Ndiyo maana barua kwa mfadhili inafaa iende miezi mitatu au zaidi kabla ya mwisho.

Kibali cha mfadhili kilitoka mwishoni mwa Julai, kama nilivyoomba. Ikabaki nyumbani, kwa mwajiri wangu, maana ruhusa yangu ya masomo nayo ilikuwa inakwisha Septemba. Nikaona nimeshajifunza. Nikaitafsiri barua ya pili kwa Kiswahili, ombi juu, tarehe, ratiba, nikaituma kwa barua pepe moja kwa moja kwa mkurugenzi.

Baada ya wiki mbili karani wa masijala akanipigia simu. "Kaka, barua yako imerudi. Haina kupitia kwa."

Sikukasirika, lakini niliumia kidogo, kwa kuwa nilijua ni mimi niliyesahau. Nikaiandika upya, na chini ya anwani ya mkurugenzi nikaweka "Kupitia kwa: Mkuu wa Idara", halafu "Yah: Maombi ya kuongezewa muda wa masomo", halafu "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu". Tarehe na ratiba nilizibakiza vilevile. Niliambatanisha jibu la mfadhili, kwani mwajiri wa kwetu huuliza kwanza nani analipa.

Wapo wanaosema "kupitia kwa" ni urasimu wa kuchelewesha watu. Nami niliwahi kusema hivyo. Sasa naiona kazi yake: ni ileile ya barua ya msimamizi wa huku. Pande zote mbili mwenye kuamua hataki kumsikia mwombaji peke yake. Anataka mtu anayeijua kazi aseme ni kweli. Tofauti ni kwamba huku shahidi husema faraghani, nyumbani huandika kwenye karatasi yako mwenyewe, nawe utayasoma maneno yake siku itakaporudi. Kwa hilo naupenda zaidi utaratibu wa nyumbani, ingawa napenda zaidi mfadhili wa huku alivyoniuliza maswali yake waziwazi badala ya kuniacha nibahatishe.

Kibali cha mwajiri kilinifikia katikati ya Septemba, picha iliyopigwa kwa simu, mhuri wa masijala juu ya ukingo. Pembeni mwa barua yangu Mkuu wa Idara alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Naunga mkono. Udongo ni wa hapa, majibu yake yarudi hapa kabla ya mvua za masika."

Asubuhi hiyo nilikuwa maabara, kwenye sampuli ya 61.