Usimpokonye mtoto, omba siku

Baba mmoja wa hapa Dodoma alinijia msikitini baada ya Alasiri. Mtalaka wake amehamia Singida na binti yao wa miaka mitano. Akasema, "Shehe, kesho namfuata mwanangu, narudi naye." Nikamwambia kaa kwanza.

Mtoto wa umri huo hadhana yake ni ya mama, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo huanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba akae na mama. Lakini Allah, katika Suratul Baqara aya ya 233, amekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vivyo hivyo. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakuruhusu kuomba mahakamani uwe unamwona mtoto wako kwa vipindi.

Tulipokaa kuandika ombi, akaandika "nimwone nikipata nafasi." Tukafuta, maana maneno hayo huzaa ugomvi. Tukaandika: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, Singida, nyumbani kwa bibi yake, saa tatu hadi saa kumi, nusu ya likizo ya Juni na ya Desemba, Dodoma, simu kila Ijumaa baada ya Magharibi, nauli juu ya baba.

Na matumizi usiyazuie ukisubiri amri. Ni haki ya mtoto, si kiingilio cha kumwona. Yeye hakuruka mwezi, na ujumbe wa miamala ya simu akauambatanisha.

Ombi bado liko mahakamani. Lakini Ijumaa iliyopita simu ilipokelewa.