Shikamoo Itakuja Mwisho

Kwetu Magomeni mtoto hupimwa kwa shikamoo. Ukishuka pale Mapipa ukaingia mitaa ya ndani, karibu kila baraza lina mtu mzima anayesubiri salamu yake, na mtoto akipita kimya, lawama humfikia mama yake kabla ya jioni. Ndivyo binti wa kaka yangu alivyoitwa hana adabu, kisha ana kiburi, mwisho wakasema karogwa. Nyumbani mtoto huyo anaimba, anagombana na kaka zake, anasimulia katuni mwanzo hadi mwisho. Akishavuka geti la shule sauti inakatika. Haitikii jina lake likiitwa, wala haombi ruhusa ya kwenda chooni, na kuna siku alirudi na sketi iliyolowa.

Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alieleza hali hii ya kunyamaza akiamini kuwa mtu hunyamaza kwa hiari yake. Leo inahesabiwa kuwa ni hofu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliiweka katika kundi hilo mwaka 2013. Hutazamwa kama tatizo pale ukimya unapozidi mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, ambapo watoto wengi ni wageni tu. Masikio hupimwa kwanza, na huangaliwa pia kama mtoto anakielewa Kiswahili cha darasani, maana wapo wanaohamia Dar na lugha nyingine ya nyumbani. Wa kwetu anasikia, na Kiswahili ndicho alichokulia.

Kinachotokea ni hiki: mtu mzima anauliza, mtoto anaganda, mama anajibu kwa niaba yake, na wote wanapumua. Kwa kila nafuu ya namna hiyo, mtoto anazidi kuamini kwamba ukimya ndio usalama. Kumlazimisha nako kunaongeza hofu ileile. Njia iliyobaki ni kuanzisha mchezo mahali ambapo sauti ipo tayari, halafu kubadilisha jambo moja tu kwa wakati.

Wifi yangu alianza kwenda darasani na binti yake baada ya wenzake kuondoka, wakafunga mlango, wakawa wanahesabu visoda kwa zamu. Mama moja, mtoto mbili, mama tatu. Kuhesabu kunafaa kwa sababu neno linalofuata linajulikana, macho yako kwenye visoda, na hakuna anayedai maoni yako. Walipozoea, mlango ukaachwa wazi kidogo. Kisha mwalimu akawa anasahihisha madaftari nje, kisha mlangoni akiwa amewapa mgongo, kisha dawati la nyuma, kisha la jirani. Hatimaye naye akapewa zamu: mwalimu moja, mama mbili, mtoto tatu. Baada ya hapo mama akaacha kuhesabu, akasogea dirishani, akatoka.

Dakika kumi mara kadhaa kwa wiki zinatosha, na zinashinda saa nzima ya siku moja. Dalili kwamba mmekwenda haraka ni sauti kushuka ikawa mnong'ono, mabega kukakamaa, au uso kuganda bila tabasamu. Hapo mnarudi hatua moja nyuma bila kusema lolote. Siku mtoto alipotamka “tatu” mbele ya mwalimu, nilimheshimu sana mwalimu yule kwa sababu hakupiga makofi. Alisema “nne” akaendelea. Sifa mbele ya watu humrudishia mtoto macho yaleyale anayoyaogopa.

Nje ya mchezo, mwalimu aliacha kumuuliza maswali ya papo kwa papo. Alizungumzia alichokuwa akikichora, akanyamaza kidogo, akampa nafasi. Akihitaji jibu, alimpa la kuchagua, “Nyekundu au bluu?”, akasubiri. Kwa choo walikubaliana kadi ya kuweka mezani. Mtoto mmoja anayempenda aliingizwa kwenye visoda, halafu wa pili. Maana kuzungumza na mwalimu mmoja chumbani hakuhamii kwenyewe kwenye darasa lililojaa. Kila mtu mpya na kila mahali papya panahitaji ngazi zake.

Na shikamoo? Salamu ni ngumu kuliko hesabu, kwa kuwa inadaiwa, ina wakati wake, na watu wanaisubiri wakimtazama usoni. Tumewaomba wazee wa barazani. “Bibi, kwa sasa atakupa mkono,” wifi alimwambia jirani yetu. Bibi akaupokea ule mkono, akaitikia marahaba bila shikamoo kutamkwa. Wengine bado wananung'unika.

Januari binti anaingia darasa la kwanza, kwa mwalimu mwingine. Tumeomba mwalimu huyo aje kwenye visoda Novemba hii, kabla shule hazijafungwa, aanzie nje ya mlango kama yule wa kwanza alivyoanzia.