Picha ya Ukumbi Wenye Vioo

Watu wengi hudhani kwamba kazi ngumu ya mpiga picha ni kupiga harusi, kwa sababu harusi hairudiwi. Mimi nimepiga harusi nyingi hapa Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, lakini kazi iliyonifikirisha kuliko zote ilikuwa picha moja ya kipeperushi cha ukumbi wa mazoezi. Kipeperushi chenyewe kilikuwa karatasi ndogo tu, nusu ya ukurasa wa kawaida, ya kuwaalika watu wajiandikishe uanachama. Nasimulia habari hii kwa sababu ndani yake kuna jambo juu ya vioo ambalo msomaji huenda hajapata kulitazama kwa makini.

Ukumbi huo uko upande wa Mwanjelwa, katika nyumba iliyokuwa ghala. Ukuta mmoja mrefu umefunikwa vioo kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kuna mashine tatu za kukimbilia, baiskeli mbili zisizokwenda popote, benchi mbili za kulalia na rafu ya vyuma vya kunyanyua. Mwenye ukumbi alikuwa amefunga kwenye dari taa za ukanda, za buluu na nyekundu, akisema kwamba vijana wa siku hizi hawataki kufanya mazoezi chini ya taa za jikoni.

"Shikamoo mzee," nilimwambia. "Nionyeshe unachotaka kionekane."

"Marahaba kijana. Nataka ukumbi uonekane mkubwa, umejaa watu, na taa ziwake kama za dansi. Mtu akiiona karatasi hii stendi ya Kabwe, aache safari aje kwangu."

Naam, hayo yalikuwa mambo matatu, na yote matatu yalikuwa mikononi mwa kile kioo.

Tuanze na kioo chenyewe. Mwanga hurudi kutoka kwenye kioo kwa mshazari uleule ulioingia nao. Kwa hiyo mpiga picha akisimama mbele ya kioo na kukitazama moja kwa moja, atajipiga mwenyewe. Na akiwasha taa ya flashi iliyo juu ya kamera, atapata nyota nyeupe katikati ya picha na giza pembeni. Dawa yake ni kusimama pembeni, kamera ikikitazama kioo kwa mshazari, na kabla ya kupiga, kuweka jicho pale pale ilipo lenzi. Ukiiona taa yako kiooni ukiwa hapo, nayo lenzi itaiona. Isogeze mpaka ipotee. Taa yangu niliificha nyuma ya nguzo, kama mita mbili kutoka kwenye benchi, ikimwangaza mnyanyuaji kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha misuli, kwa sababu kila mwinuko wa mwili unatupa kivuli chake. Mwanga wa mbele hulainisha kila kitu, na mtu mwenye nguvu huonekana kama unga uliokandwa.

Jambo la pili ni umbali. Taswira iliyomo kiooni haikai juu ya uso wa kioo. Iko nyuma yake, mbali sawasawa na mtu alivyo mbele yake. Kijana wetu wa kwanza alisimama mita moja kutoka kwenye kioo, na mimi nilikuwa kama mita nne. Yeye alikuwa mita tatu kutoka kwangu, lakini taswira yake ilikuwa mita tano. Lenzi ikifunguliwa wazi, mmoja wao atakuwa mkali na mwingine atakuwa ukungu. Nililibana tundu la lenzi hadi f/5.6, wote wawili wakaonekana vizuri.

Kisha zikaja taa za ukanda. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui. Kamera hutambua: ukipiga kwa kasi kubwa kuliko sehemu moja ya mia ya sekunde, picha inaweza kutoka na mistari ya giza na mwanga, kama shuka la Kimasai. Ipo njia rahisi ya kupima. Chukua kalamu, itikise haraka chini ya taa. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana badala ya ukungu mmoja, taa hiyo inafifia. Nilitikisa kalamu, nikaona kalamu sita.

Sasa hapa palikuwa na mgongano. Ili mistari isitokee, nilipaswa kupiga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini kwa kasi hiyo mkono unaonyanyua chuma hutoka ukungu. Kilichoniokoa ni flashi. Ukiipunguza nguvu hadi sehemu ya nane, mwako wake hudumu muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi taa za ukanda zikachora ukuta taratibu, na flashi ikamgandisha mtu mara moja. Sharti lake ni kwamba mtu mwenyewe awe mahali penye kivuli, asiangazwe sana na zile taa nyingine. La sivyo hutoka na mzimu wake ukimfuata pembeni.

Kuhusu wanaofanya mazoezi, nilimwomba kila mmoja achukue uzito anaoweza kuunyanyua mara kumi bila shida. Mwenye ukumbi alitaka kijana mmoja arundikiwe vyuma ili picha itishe. Mwalimu wa mazoezi alikataa, nami nilikuwa upande wake. Kunyanyua kwa ajili ya picha kunarudiwa mara ishirini au thelathini, wala si mara moja, na misuli iliyochoka haijali kwamba kamera iko tayari. Vibano vya kuzuia vyuma visiteleze vilibaki mahali pake, na aliyelala kwenye benchi alikuwa na mwenzake kichwani, hata kama mwenzake huyo alitokea pichani. Nilibonyeza pale chuma kinapogeuka, kinapoacha kushuka na kabla ya kuanza kupanda. Hapo kila kitu husimama kidogo, lakini mwili umejikaza wote.

Tulifanya kazi hiyo mwezi wa Juni, jioni. Msomaji wa nyanda hizi anaijua Juni ya Mbeya. Kamera ikitoka kwenye baridi na kuingia katika chumba chenye watu wanaotoka jasho, lenzi huota umande, na kuifuta hakusaidii kwa sababu umande hurudi. Niliiacha ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ipate joto polepole. Vioo navyo vilianza kuota umande kuanzia chini, tukafungua madirisha ya juu.

Hayo yote ni ufundi, na ufundi hujifunzwa. Lakini lilibaki jambo ambalo ufundi peke yake haukulijibu.

Kwenye kona, nyuma ya mgongo wangu, alikuwapo mama mmoja wa makamo kwenye baiskeli. Alikuwa akija kila jioni kwa sababu ya presha, kwa ushauri wa daktari. Tulipoanza aliniita.

"Mwanangu, mimi usinitie kwenye hiyo karatasi. Nyumbani wanajua naenda kwenye kikundi cha akina mama."

"Sawa mama, nimesikia."

Alitulia, akaendelea kukanyaga. Kwa hesabu yake alikuwa salama, maana alikuwa nyuma ya kamera. Lakini katika chumba chenye vioo hakuna nyuma ya kamera. Nilipoweka jicho kwenye lenzi nilimwona waziwazi kiooni, kati ya bega la kijana na ukingo wa rafu, uso wake ukielekea kwangu. Nilimwonyesha mwenye ukumbi.

"Ni mdogo mno," alisema. "Nani atamjua? Tena anasaidia ukumbi uonekane umejaa."

Nilimjibu kwamba mji wetu si mkubwa, na mtu hutambulika hata kwa kilemba. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haiulizi uso una ukubwa gani. Inaangalia kama mtu anaweza kutambulika. Wale waliokubali kupigwa walikuwa wamenitilia saini. Huyu alikuwa amekataa kwa mdomo wake. Mzee alinyamaza, kisha akasema nifanye nionavyo. Nilisogea hatua mbili kushoto, bega la kijana likaziba ile nafasi. Kisha nikaitazama tena picha yote, sehemu kwa sehemu, nikiutafuta uso wake.

Ndipo nikaliona na lile lingine. Kutoka mahali pale pa kwanza, kioo kilikuwa kinaendelea hadi nje ya picha pande zote, bila ukingo. Mashine tatu zilikuwa sita. Benchi mbili zilikuwa nne. Mtu wa stendi ya Kabwe angetoa fedha ya mwezi mzima akitegemea mashine sita, akakuta tatu na foleni. Kutoka mahali papya, ukingo wa kioo ulionekana upande wa kulia, pamoja na ufa mdogo kwenye pembe yake. Macho ya mtu yakiuona ukingo, hujua mara moja kwamba hiki ni chumba na kile ni kivuli chake.

Mzee hakuufurahia ufa. Alikubali baada ya mwalimu kumwambia kwamba mwanachama anayeondoka mwezi wa pili akinung'unika hugharimu kuliko yule ambaye hakuja kabisa.

Nimejiuliza mara nyingi mpaka uko wapi. Zile taa za buluu ni za kweli, zimo ukumbini, ingawa flashi yangu haimo. Nadhani mwanga unaweza kukuza kilichopo, kama sauti inavyopanda katika wimbo, na msomaji wa kipeperushi huelewa. Idadi ni jambo jingine. Idadi ni ahadi, na kioo kisicho na ukingo hutoa ahadi mara mbili ya uwezo wa mwenye nyumba.

Karatasi zilichapwa zikiwa nyeusi kidogo kuliko tulivyoziona kwenye skrini, kwa sababu wino hunywewa na karatasi. Kwa hiyo vivuli nilikuwa nimevifungua mapema. Upande wa juu niliacha giza tupu kwa ajili ya bei na saa za kufungua. Yule mama alichukua nakala moja, akaikagua kwa muda mrefu akiisogeza karibu na macho. Akaikunja, akaitia mkobani, akapanda baiskeli yake.