Slaidi za Mvua Zinavyofika Merti

Huku Minneapolis, mtu akimaliza kuwasilisha mada ofisini hutuma kiungo kimoja tu. Kila mmoja hufungua faili kwenye kompyuta yake, na kukiwa na kosa kwenye jedwali, mwenye faili hulirekebisha na wote huona marekebisho papo hapo. Ukiwatumia wenzako picha za slaidi moja moja, watakuuliza faili lenyewe liko wapi.

Nyumbani Isiolo, kiungo hicho hakisaidii. Kila msimu wa mvua unapokaribia, wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri. Kaunti nayo huandaa mkutano ambapo wataalamu wa mvua, mifugo na maji hukaa na wazee wa dedha na kamati za wadi, wakapanga wapi mifugo itaelekea na kisima kipi kifungwe kwa muda. Slaidi huonyeshwa ukutani. Kesho yake watu wa Merti, Sericho, Kinna na Oldonyiro wanataka kuziona, na wanataka kuziona ndani ya grupu la WhatsApp. Binamu yangu anayeshughulika na mifugo hunitumia lile faili la PowerPoint, nami namrudishia picha.

Wapo huku wanaoona kwamba kutuma picha ni uvivu. Sikubaliani nao, na sababu yangu imo ndani ya simu yenyewe. WhatsApp ikiachwa ilivyokuja, hupakua picha yenyewe hata mtu akitumia bando, lakini faili la nyaraka hungoja kuguswa. Faili lenye ramani na picha za setilaiti hufika megabaiti 30 kwa urahisi, na mara nyingi simu ya mpokeaji haina hata programu ya kulifungua. Picha moja ya slaidi baada ya kubanwa ni kilobaiti mia moja na kitu, pengine mia mbili. Mtu aliye Sericho, mtandao ukimjia kwa dakika chache, atapata picha kadhaa zikiwa kamili. Faili zima lingekatika njiani.

Kwa hiyo kazi ni kugeuza kila slaidi kuwa picha bila kukaa ukipiga picha za skrini. Natumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, pamoja na programu mbili ndogo, `pdftoppm` na ImageMagick. Ukiiagiza LibreOffice itoe PNG moja kwa moja, itakupa slaidi ya kwanza tu. Ndiyo maana napitia PDF kwanza, kisha `pdftoppm` inakata kila ukurasa kuwa picha:

```bash
#!/bin/bash
set -e
J=$(basename "$1" .pptx)
mkdir -p "$J"; rm -f "$J"/slaidi-*.png
soffice --headless --convert-to pdf --outdir "$J" "$1"
pdftoppm -png -scale-to-x 1600 -scale-to-y -1 "$J/$J.pdf" "$J/slaidi"
```

Upana wa pikseli 1600 haukuja kwa kubahatisha. WhatsApp ikituma picha kwa ubora wa kawaida huipunguza hadi upande mrefu uwe karibu na kiwango hicho. Ukituma ya 4000, itapunguzwa na herufi nyembamba zitapata ukungu. Ukitoa ya 1600 tangu mwanzo, unaona mwenyewe kabla ya kutuma kile ambacho mwenzako ataona. Faida nyingine ni majina: zikiwa slaidi 14, `pdftoppm` huanza na `slaidi-01.png`, kwa hiyo ya 10 haitangulii ya 2 kwenye orodha.

Kabla sijatazama picha, nafungua ile PDF, kwa kuwa makosa karibu yote huonekana hapo. Kosa la kwanza ni la fonti. Slaidi nyingi za ofisi za kwetu zimeandikwa kwa Calibri, na kompyuta ya Linux kwa kawaida haina fonti hiyo. LibreOffice huweka Carlito badala yake, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, mradi imewekwa kwenye kompyuta. Isipokuwepo, huchukuliwa fonti nyingine iliyo pana zaidi, maneno yanasukumwa chini, na mstari wa mwisho wa jedwali unatoka nje ya slaidi. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuja. Amri ya `pdffonts` huorodhesha fonti zilizotumika ndani ya PDF. Nikiona DejaVu mahali nilipotarajia Carlito, najua cha kutafuta.

Kosa la pili ni la vitu vinavyojitokeza kimoja baada ya kingine. Mtaalamu akiwa ukumbini hubonyeza mara moja ikaja ramani ya kiasi cha mvua, akabonyeza tena ikaja ramani ya tarehe za kuanza kwa mvua, juu ya ile ya kwanza. Kwenye PDF mbonyezo haupo. Ramani zote mbili zinatua mahali pamoja na ya juu inaifunika ya chini. Dawa ni kuirudufu slaidi hiyo kwenye faili lenyewe na kuacha ramani moja katika kila nakala. Slaidi zilizofichwa nazo hazitoki, na hilo ni jema, kwa kuwa mara nyingi ndizo zenye hesabu za ndani za mradi.

Ila jambo linalonishughulisha zaidi huja baada ya picha kutoka salama. Huku ughaibuni slaidi huishi ndani ya faili lake, na jalada lenye tarehe liko hapo juu. Nyumbani, picha ikishaingia kwenye grupu, hujitenga na picha nyingine. Mtu anaipenda ramani ya sita, anaifowadi peke yake kwa shemeji yake Garbatulla, naye anaipeleka kwenye grupu la ukoo. Aliyeituma mwanzo anaweza kuifuta kwenye grupu lake ndani ya siku mbili na kidogo. Zile zilizokwisha fowadiwa hazifuatwi.

Sasa fikiria ramani hiyo imeandikwa juu yake “Utabiri wa Oktoba–Desemba” bila mwaka. Msimu wa Oktoba hadi Desemba 2022 ulikuwa wa tano mfululizo wa mvua haba, kuanzia ule wa 2020, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Msimu uleule wa 2023, El Niño ilileta mafuriko. Jina la msimu ni moja, ramani ni ya nchi ileile, rangi ni zilezile. Mfugaji atakayeletewa ya 2022 mwaka mmoja baadaye ataamua kupeleka ng'ombe karibu na Ewaso Ng'iro akitafuta malisho ya ukame, wakati mto unajaa.

Ndiyo maana skripti yangu ina sehemu ya pili, na hii siiruki. Inaongeza ukanda mweupe chini ya kila picha na kuandika humo maelezo ninayoipa, pamoja na namba ya picha na idadi ya zote:

```bash
cd "$J"
N=$(ls slaidi-*.png | wc -l); i=0
for p in slaidi-*.png; do
  i=$((i+1))
  convert "$p" -gravity south -background white -splice 0x60 \
    -pointsize 34 -annotate +0+10 "$2 | $i/$N" "$p"
done
```

Naiita hivi: `./picha.sh utabiri.pptx "Isiolo, Okt-Des 2023, toleo 1"`. Ukanda uko nje ya slaidi, kwa hiyo haufuniki ufunguo wa ramani, ambao wachoraji wengi huuweka pembeni kabisa chini. Likitokea kosa, narekebisha faili, natuma upya kwa jina la toleo 2, na mwenye picha mbili mkononi anajua ipi ashike. Hiyo ndiyo namna niliyoipata ya kufidia kile ambacho kiungo cha huku hufanya chenyewe. Kwenye ImageMagick ya 7 na kuendelea, andika `magick` mahali pa `convert`.

Namba ya chini ina kazi nyingine ambayo huku isingehitajika. Si kila mtu kwenye grupu anasoma, na wapo wanaosoma ila si Kiswahili wala Kiingereza cha wataalamu. Picha zikishatua, mtu wa kamati hurekodi sauti kwa Kiborana, mwingine kwa Kisomali, Kisamburu au Kiturkana. Bila namba, anajikuta akisema “ile ramani ya kijani”, na ramani za kijani ziko tatu. Akisema “picha ya sita”, mzee aliyeshikiwa simu na mjukuu wake anaonyeshwa ileile. Hata picha zikichanganyika mpangilio wakati wa kuchaguliwa kwenye simu, namba inazirudisha.

Kuna jambo moja ambalo skripti haiwezi, nalo ni ukubwa wa herufi. Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa pointi 960. Kwenye simu iliyoshikwa wima, yenye skrini ya upana wa milimita 65 hivi, herufi ya pointi 18 inabaki na milimita 1.2. Ukumbini ilisomeka hadi kiti cha nyuma, lakini kwenye simu ya mzee ni vumbi. Angeweza kuvuta kwa vidole au kuigeuza simu, na wengi hawafanyi hivyo, wanapita. Nimemwomba binamu atengeneze nakala ya grupu yenye slaidi za wima, upana wa inchi 7.5 na urefu wa inchi 10. Upana huo ni pointi 540, kwa hiyo herufi ileile ya 18 inapanda hadi milimita 2.2, na ya 28 inafika 3.4. Kwa slaidi za wima nabadilisha skripti kidogo: natumia `-scale-to-x 1200`, na urefu unatoka 1600 wenyewe. Ukanda wa chini unaongeza pikseli 60 juu ya hizo, jambo ambalo halijawahi kuharibu usomaji.

Nakala hiyo ya wima inachukua muda wake, na ofisi yenye mtu mmoja wa kompyuta haitaifanya kwa slaidi zote. Tulichokubaliana ni kuchagua zile nne au tano ambazo watu huzifowadi kweli: ramani ya mvua, tarehe za kuanza na kuisha kwa mvua, ushauri wa mifugo, na hali ya visima. Za bajeti na shukrani kwa wafadhili zinabaki ndani ya faili.

Jedwali la bei za mifugo siligeuzi picha kabisa. WhatsApp haitafuti maneno yaliyo ndani ya picha kwa uhakika, na mtu anayetaka bei ya mbuzi soko la Oldonyiro wiki mbili baadaye ataandika jina la soko kwenye kisanduku cha kutafutia. Basi bei tunaziandika kama ujumbe wa maneno, soko moja kwa kila mstari, tarehe ikiwa juu, na tunautuma mara tu baada ya picha ya mwisho.