Safu ya Nne

Barua yangu ya kwanza kwa mfadhili niliiandika Mtama mwaka 2010, nilipomaliza kidato cha tano. Ilijaa kurasa mbili. Nilimshukuru, nikamwombea, nikamweleza hali ya nyumbani na bei ya korosho, kisha mwishoni nikaandika kwamba fedha zote 420,000 zimetumika vizuri kwa masomo. Risiti nilibaki nazo kwenye bahasha jinsi zilivyokuwa, zimekunjwakunjwa.

Jibu la mfadhili wangu, mama mmoja, lilikuwa fupi. "Mwanangu, nimefurahi. Sasa chukua bajeti tuliyokubaliana, unieleze kila fungu limekwendaje."

Nilimpelekea mjomba jibu hilo na risiti zangu. Alikuwa karani wa chama cha msingi, na kila msimu wa korosho kazi yake ilikuwa kupima magunia na kumwandikia mkulima stakabadhi ambayo ndiyo ingempatia malipo baada ya mnada. Alitandika risiti zangu mkekani, akazipanga kwa tarehe, akaziandika namba kwa kalamu nyekundu, moja hadi kumi na nne. Kisha akachora safu nne: kilichoidhinishwa, kilichotumika, tofauti, na namba ya risiti. Ile safu ya nne, alisema, ndiyo barua yenyewe. Tatu za kwanza mtu yeyote anaweza kuzijaza akiwa amelala.

Ada ya bweni ilikuwa 70,000 na michango 60,000, vyote vikalingana. Matumizi madogo yalikuwa 40,000, nayo yakaisha yote. Sare na viatu vilitengewa 80,000, nikatumia 72,000. Nauli ilitengewa 80,000, nikatumia 68,000. Fungu la vitabu na madaftari ndilo lililonitoa jasho. Liliidhinishiwa 90,000, nami nilitumia 101,500. Jumla kuu ilikuwa 411,500, maana yake nilibakiwa na 8,500, kwa hiyo niliona hakuna kosa. Mjomba hakukubali. Barua ya ufadhili iliruhusu fungu kuzidi kwa asilimia kumi tu bila kuomba ruhusa, na asilimia kumi ya 90,000 ni 9,000. Nilikuwa nimevuka kwa 2,500. Salio la nauli halikuwa langu kulihamishia kwenye vitabu kwa uamuzi wangu mwenyewe.

Nikawaza kuiacha risiti moja ya vitabu na kuongeza kidogo kwenye nauli. Nafasi ilikuwepo, kwa sababu nilipanda basi njiani na safari kadhaa sikupewa tiketi. Zaidi ya hapo, mwenye duka mmoja alikwishanipa kurasa tatu tupu za kitabu chake cha risiti, akaniambia nijaze mwenyewe. Nilizitoa mfukoni nikamwonyesha mjomba kwa furaha kabisa.

Hakunigombeza. Aliniuliza namba zilizochapwa juu yake. Zilifuatana: tatu mfululizo. Je, duka linauza kwangu Januari, halafu halimuuzii mtu mwingine mpaka Aprili na Julai? Na mwandiko wa mwenye duka utafanana na wangu? Akazichana. Sijapata kusahau sauti ya karatasi ile.

Tuliandika ukweli. Tiketi zilithibitisha 32,000 za nauli. Kwa 36,000 zilizobaki tuliandika karatasi ya maelezo: tarehe, nilikotoka na nilikokwenda, kiasi, na sababu ya kukosa tiketi. Nikatia sahihi mimi, na mwalimu wa malezi akashuhudia. Kuhusu vitabu niliandika kwamba nimezidisha bila kuomba ruhusa, vitabu viwili vilipanda bei, na naomba aidha aridhie ziada ile au niipunguze kwenye fungu la mwaka ujao. Kuhusu 8,500 niliuliza nizirudishe au zivuke mwaka. Mama aliridhia vyote kwa mistari mitatu, akaongeza kwamba sasa anaweza kunisomea bajeti ya chuo.

Chuoni adui alikuwa mwingine. Risiti za mashine za kodi, zile za karatasi laini, hufifia kwa joto, na chumba changu kilikuwa na joto. Wakati wa kuandika barua, mbili zilikuwa nyeupe kama hazijawahi kuchapwa. Tangu hapo natoa nakala siku ile ile, naiandika namba na tarehe kwa wino pembeni, na ya asili inakaa gizani kwenye bahasha.

Mwaka 2023 mpwa wangu aliingia kidato cha tano, na mama yule yule, sasa mzee, akamsaidia. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilikwishafutwa mwaka mmoja nyuma, kwa hiyo fungu lililokuwa 70,000 kwangu, kwake liliandikwa sifuri. Nauli ilikuwa kubwa kuliko yote, na bado walikuwepo makondakta wasiotoa tiketi. Alinitumia rasimu ya barua yake kwa simu. Kwenye safu ya nne, mbele ya safari moja ya kutoka Mnazi Mmoja, aliandika: "Sina. Tazama maelezo namba 2."

Nilimpigia mjomba nikamsomea.