Besi Kama Uji

"Sauti kali, zinakaa poa, simu ziko fiti." Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye hedifoni yoyote pale Luthuli Avenue, kwa hivyo haimsaidii mtu mwenye shilingi 3,500 na intavyuu ya mtandaoni Jumatatu.

Mimi sauti naipima kwa benga. Gitaa la besi halitulii, la solo linadonoa juu yake mbio mbio, na waimbaji wakinyamaza unabaki na hayo mawili. Kwenye hedifoni ninazoziandikia wiki hii, noti za besi zimegandana kama uji, na solo inasikika kana kwamba inapigwa chumba cha pili. Naandika hivyo hivyo. Mpenda besi nzito atajua hizi ni zake. Mimi najua si zangu. Nikizilinganisha na nyingine, nasawazisha volyumu kwanza, maana zile zilizo juu kidogo tu huonekana bora hata kama si bora.

Kuhusu kukaa kichwani, nataja muda na mahali. Dakika 40 za kwanza sikuhisi kitu. Kufikia dakika ya 90, utosi ulikuwa unauma, na mikono ya miwani imenikandamiza juu ya masikio. Nilipovua miwani, besi ikaongezeka, kwa sababu sasa mito ilikuwa imeziba masikio vizuri. Mvaa miwani anafaa kuambiwa hilo kabla hajatoa pesa.

Kwenye simu ndipo rivyu nyingi hupotoka: mwandishi anamsikia mwenzake, hajisikii mwenyewe. Wengine hujirekodi, lakini kuna simu ambazo hurekodi kwa maiki yake yenyewe hata hedifoni zikiwa zimeunganishwa. Kwaruza maiki ya hedifoni kwa kucha. Mkwaruzo usiposikika kwenye rekodi, basi unapima simu, si hedifoni.

Kwa hivyo nampigia beste yangu, namsomea tarakimu 10 bila mpangilio, yeye anaandika anachosikia. Nikiwa chumbani alipata zote. Nikiwa steji, makanga wakiita abiria, alipata 6. Mara mbili "sita" ilimfikia kama "tisa". Mlio wa "s" uko juu kabisa kwenye masafa, na ndio hupotea kwanza Bluetooth inapobana sauti ili maiki nayo ipitishe yake. Mbili nyingine zilikatwa mwanzo: kila nilipotua kidogo kisha nikaongea, kipunguza kelele kilichelewa kutambua kwamba hiyo ni sauti ya mtu, kikameza silabi ya kwanza.

Kwenye rivyu itasomeka hivi: chumbani fanya intavyuu nazo bila wasiwasi. Ukipigiwa ukiwa steji, zivue, uweke simu sikioni.