Umeandika juu ya orodha ya zamani kwenye Mac? Usiifute kwanza

Leo naacha mambo ya shambani nikueleze aibu yangu mwenyewe, kwa sababu najua wengi mnaotunza hesabu za kikundi au za duka kwenye kompyuta mnaweza kuangukia humo humo.

Natumia Mac niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake nilikuwa na orodha ya wakulima 47 wa ufuta: jina, kilo alizopeleka ghalani, mkopo wa viuatilifu wa kukatwa, na fedha ya kulipwa. Malipo yalikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni nikataka orodha ya kupokelea mbaazi. Badala ya kutengeneza faili jipya, nikafungua lile la ufuta, nikafuta kilo zote na mikopo yote, nikajaza mbaazi za watu 12 wa kwanza, nikafunga na kwenda kula.

Ijumaa saa mbili asubuhi mama mwenyekiti akapiga simu. "Bwana shamba, tuletee karatasi ya malipo, watu wameshakaa." Nikafungua faili. Mbaazi tupu.

Huenda unajiuliza, kompyuta haikukuuliza kama unataka kuhifadhi? Haikuuliza. Nilikuwa natumia Numbers, na programu hiyo, kama Pages na TextEdit, huhifadhi yenyewe kila unapoandika. Ukifunga, umehifadhi. Kama faili lingekuwa bado wazi ningeweza kubonyeza Command na Z kurudi nyuma hatua kwa hatua, lakini ukishafunga njia hiyo imekwisha. Stakabadhi za mizani zilikuwa mikononi mwa wakulima wenyewe, katika vitongoji vitano. Kitabu cha ghala kilikuwa na jumla tu: kilo 6,318.

Kilichoniokoa ni kwamba programu hizo hizo zinazohifadhi bila kuuliza, pia zinaweka matoleo ya nyuma ya faili. Toleo hutunzwa unapofungua faili, unapolihifadhi, na kila baada ya saa moja hivi ukiwa unaandika. Yanakaa kwenye diski ya Mac, mahali palipofichwa, wala hutayaona ukitafuta kwenye folda zako. Mlango wake uko ndani ya programu yenyewe.

Fungua faili lililoharibika. Nenda juu kwenye File, shuka hadi Revert To, kisha chagua Browse All Versions. Skrini inabadilika: kushoto unaona faili lilivyo sasa, kulia kuna matoleo ya zamani yamepangwa moja nyuma ya jingine kama karatasi, na pembeni kabisa kuna vistari vya muda. Nikarudi nyuma kistari kimoja kimoja mpaka Alhamisi mchana, kabla sijagusa kitu. Kilo zikatokea.

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Chini kuna kitufe cha Restore. Ukikibonyeza, toleo la zamani linachukua nafasi ya la sasa, na mimi nilihitaji mbaazi zangu pia. Kwa hiyo shikilia kitufe cha Option kwenye kibodi. Restore inageuka kuwa Restore a Copy. Ukibonyeza hivyo unapata faili la pili lenye hali ya zamani, na lile la kwanza linabaki lilivyo. Nilipojumlisha safu ya kilo ikaja 6,318, sawa na kitabu cha ghala. Hapo ndipo nikachapisha. Usichapishe kabla ya kulinganisha jumla na kitu kilicho nje ya kompyuta, maana ni rahisi kuchukua toleo la saa moja mapema ambalo bado halina wakulima wawili wa mwisho.

Ndiyo maana nimesema usifute faili lililoharibika. Matoleo yamefungwa kwenye faili hilo. Ukilituma kwa barua pepe, anayepokea anapata hali ya mwisho tu. Na ukifanyia kazi moja kwa moja kwenye flashi, Mac nyingi zitakuonya kwamba diski hiyo haiwezi kutunza matoleo ya kudumu, kwamba ukifunga faili hutayaona tena ya nyuma. Watu huwa wanabonyeza kukubali bila kusoma. Nami nilikuwa mmoja wao.

Sasa upande wa Excel. Jirani yangu mwenye duka la pembejeo ana Mac pia, na daftari lake la madeni liko kwenye Excel. Siku moja saa 4:40 asubuhi alihifadhi bei mpya juu ya madeni ya wateja, kwa jina lile lile. Faili la Excel lililo kwenye diski ya Mac yenyewe halitunziwi matoleo kama yale ya Numbers, hivyo njia yangu haikumfaa.

Lakini aliwahi kununua diski ya nje na kuiwekea Time Machine ifanye nakala yenyewe. Diski ilikuwa nyumbani, naye alikuwa dukani, akaamini haina msaada. Kumbe Time Machine ikishawashwa, kila saa Mac hupiga kama picha ya diski yake ya ndani, hata diski ya nje isipokuwepo, na huitunza kwa muda wa saa 24 hivi. Tulifungua programu ya Terminal tukaandika:

```
tmutil listlocalsnapshots /
```

Ikaleta majina marefu yenye tarehe na saa. Karibu na mwisho wa jina la tuliyoihitaji palisomeka 101207, yaani saa 4 na dakika 12 asubuhi. Tulifunga Excel, tukafungua folda yenye daftari, kisha Time Machine. Tukarudi nyuma hadi saa hiyo, tukachagua faili, tukabonyeza kitufe kirefu cha nafasi ili kulichungulia. Madeni yalikuwepo. Tukabonyeza Restore, ilipouliza, tukachagua Keep Both ili bei mpya nazo zibaki.

Madeni matatu aliyoandika kati ya saa 4:12 na saa 4:40 hayakurudi, maana picha ilipigwa kabla hayajaandikwa. Aliyakumbuka kwa ujumbe wa simu. Angesubiri mpaka kesho yake mchana, picha ya saa 4:12 nayo ingekuwa imeshaondoka. Na diski ikikaribia kujaa, Mac hufuta picha hizi mapema ili kupata nafasi, kwa hiyo video za harusi zikijaa humo usizitegemee sana. Matoleo na picha vyote viko ndani ya mashine hiyo hiyo. Ikiibwa au ikimwagikiwa maji, vinakwenda nayo.

Siku hizi kabla sijagusa faili la fedha za watu naandika kwanza mstari huu, nao hupiga picha papo hapo bila kusubiri saa ifike:

```
tmutil localsnapshot
```

Na orodha ya mbaazi ina faili lake. Malipo ya ufuta Ijumaa ile yalianza saa nne badala ya saa mbili. Mama mwenyekiti aliwaambia watu kwamba bwana shamba amepata pancha.